Skripti ya video ya ajira ianze na lori lililosimama

Video za kutafuta wafanyakazi za kampuni zetu za usafirishaji zinafanana kiasi kwamba ukibadilisha nembo ya mwishoni hakuna atakayegundua. Droni inapaa juu ya yadi, malori yaliyooshwa asubuhi ileile yamejipanga, dereva anafunga mlango huku akitabasamu, muziki unapanda, lami inakimbia chini ya magurudumu, kisha sauti nzito inakukaribisha ujiunge na familia. Dakika mbili nzima, na ndani yake hakuna lori hata moja lililosimama njiani.

Uongo mkubwa uko hapo kuliko kwenye maneno. Yeyote aliyefanya kazi kwenye kampuni inayobeba mizigo ya transiti kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo anajua kwamba muda mwingi unaishia kwenye kusubiri: kusubiri kupakia, kusubiri nyaraka, kusubiri zamu kwenye mizani, kusubiri mpakani. Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu skripti ya namna hii ni mwepesi kuueleza. Ianze na gari lililosimama, na iseme ni nani anayelipia kusimama huko. Hayo mawili yakiwemo, hata muziki nitauvumilia.

Tuanze na hesabu, maana mwandishi wa skripti asiyeijua ataandika mashairi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwa barabara ya TANZAM ni kama kilomita 930. Kutoka hapo, ukipita Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola na Chingola hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, unaongeza zaidi ya kilomita 1,000. Ukifika Lubumbashi umeshapita 2,000. Lori zito haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa kwenye barabara za Tanzania, na kwenye makazi ni 50. Katikati kuna hifadhi ya Mikumi, ambako kugonga mnyama ni faini, kuna mlima Kitonga, ambao gari lenye mzigo hulipanda kwa kujikokota, na kuna mizani kila baada ya mwendo fulani. Tuseme wastani ni kilomita 40 kwa saa. Kwenda ni saa 50 za usukani, kwenda na kurudi ni 100. Kwa saa tisa kwa siku, hizo ni siku kama 11.

Sasa nenda kwa mtu wa dispachi, yule anayefuatilia magari yakiwa njiani, umwombe daftari la safari za miezi mitatu iliyopita. Nitatumia kampuni ya kubuni, ila hesabu ya aina hii inaweza kufanywa kwenye kampuni yoyote. Tuseme safari 11 za Lubumbashi zilichukua siku 21, 22, 23, 24, 26, 27, 29, 31, 33, 38 na 45, kuhesabu tangu gari lilipotoka yadi hadi liliporudi. Ya katikati ni siku 27. Usukani ni siku 11 kati ya hizo. Nyingine 16 dereva yupo kazini, analinda mzigo wa watu, anakula, anaoga kwa kulipia, ananunua vocha, na gari haliendi popote.

Video ya droni inamwonyesha kijana zile siku 11. Akiajiriwa anakutana na zile 16, na hapo ndipo anapoanza kuuliza kwa nini hakuambiwa.

Mwenye kampuni akisomewa hesabu hii hutaka iandikwe kwa upole: “safari zinaweza kuchukua muda kulingana na hali ya mpaka.” Sentensi hiyo haisemi kitu. Iliyo bora ni hii: “Safari nyingi za Lubumbashi huisha kati ya siku 22 na 33. Kuna moja mwaka huu ilichukua siku 45.” Safari nane kati ya zile 11 zimo ndani ya mipaka hiyo, na ile mbaya kuliko zote imetajwa bila kupigiwa kelele. Msikilizaji anaweza kupanga maisha yake kwa sentensi hiyo. Anaweza kumwambia mkewe. Anaweza pia kuamua kwamba mwenye mtoto mchanga nyumbani kazi hii haimfai kwa sasa, na kampuni ikawa imeokoa gharama ya kumfundisha mtu ambaye angeondoka.

Kisha lije swali ambalo kila dereva mzoefu atauliza hata kama hatalitamka kwenye usaili: posho inaishia siku ya ngapi? Kampuni nyingi hutoa posho ya safari kwa mkupuo, gari likiwa linaondoka. Kama kampuni yetu ya mfano imepiga posho kwa siku 22, aliyekaa siku 45 amejilisha mwenyewe kwa siku 23. Mtu wa rasilimali watu anaweza kudhani hilo ni suala la wahasibu, halihusu video. Linahusu. Dereva aliyeishiwa pesa siku ya 30 pale Kasumbalesa amekalia tangi lenye lita mia kadhaa za dizeli, na wanunuzi wanajua alipoegesha. Wizi wa mafuta, ambao kampuni hulalamikia kila mwisho wa mwezi, una mizizi kwenye hesabu kama hii. Skripti ikitamka kwamba kuanzia siku ya 23 kampuni hutuma posho ya ziada kwa simu kila baada ya siku kadhaa, hiyo ni habari nzito kuliko ahadi kumi za “maslahi mazuri”. Kama kampuni haitumi, basi skripti isubiri kwanza sera ibadilike.

Sasa tuingie kwenye tukio lenyewe. Katika kampuni nzima ningechagua moja tu la kulipatia nafasi kubwa: gari kukwama mizani. Nalichagua kwa sababu linaonyesha kazi tatu kwa wakati mmoja, ya dereva, ya karani wa ghala na ya mtu wa dispachi, na kwa sababu kila kampuni ya barabara hii imepitia.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, haiangalii uzito wa jumla peke yake. Semi ya ekseli sita inaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye zile mbili za kuvuta, na 24 kwenye tatu za tela. Jumla ni tani 50. Kuna uvumilivu wa asilimia 5 kwenye ekseli. Chukua gari letu la mfano, limepakia mifuko juu ya tela la wazi na kufunikwa turubai. Mizani inasoma 7.4 mbele, 19.4 kwenye ekseli za kuvuta na 22.4 nyuma. Jumla ni 49.2, iko salama kabisa. Lakini ekseli za kuvuta zimezidi hata ule uvumilivu, ambao unaishia 18.9. Mzigo haukuzidi, umekaa vibaya: mifuko mingi imerundikwa upande wa mbele wa tela.

Dawa ni kuhamisha mifuko kwenda nyuma, na hapo ndipo siku inapopotea. Mzigo wa transiti umefungwa kwa lakiri ya TRA. Dereva akiikata ili afungue turubai, ameingia kwenye kosa la forodha kubwa kuliko lile la uzito. Inabidi apige simu ofisini, ofisi impigie wakala wa forodha, wakala aombe ofisa aje kusimamia, mifuko ihamishwe, lakiri mpya ifungwe, gari lipimwe tena. Kwenye skripti ningeiandika hivi:

PICHA: Kando ya barabara, mizani ya Vigwaza. Lori limeegeshwa. Kamera haisogei. Dereva ameketi kwenye kivuli cha tela, viatu ameviweka pembeni.

SAUTI YA DEREVA: “Tumepima saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jumla iko sawa, ekseli za kuvuta ndiyo zimezidi. Lakiri siigusi. Nikampigia dada wa dispachi, akasema kaka subiri, wakala nimeshampata. Nikasubiri.”

PICHA: Dispachi, yadi ya Dar es Salaam. Dada mwenye simu mbili anaandika kwenye daftari.

SAUTI YA DISPACHI: “Hapa nina magari sita barabarani na moja limekwama. Lililokwama ndilo linakula asubuhi yangu yote. Wakala anasema ofisa atafika saa nane. Mwenye mzigo naye anapiga, namwambia ukweli, maana nikimwambia limeshaondoka atanipigia tena kesho akiwa na hasira mara mbili.”

PICHA: Ghalani. Karani anaonyesha kwa mkono sehemu ya mbele ya tela jingine linalopakiwa.

SAUTI YA KARANI: “Lile nilipakia mimi. Vibarua walianza mbele, safu zikapanda juu, mimi nikawa nahesabu mifuko badala ya kuangalia inakaa wapi. Siku hizi nachora chaki kwenye ubao wa tela: mwisho wa safu ya tano hapa.”

SAUTI YA DEREVA: “Tumetoka saa kumi jioni. Nimelala Chalinze. Siku nzima ya kazi, na Dar es Salaam bado ningeweza kurudi nikala chakula cha usiku.”

Hakuna aliyelia, hakuna aliyesifu. Anayeomba udereva ameona kwamba atapoteza siku kwa kosa ambalo si lake, na kwamba akipiga simu kuna mtu anapokea. Anayeomba ukarani ameona kwamba kazi yake haiishii kwenye idadi ya mifuko. Mahali mfuko unapokaa panamlaza mwenzake njiani. Anayeomba dispachi ameshajua atakuwa anaongea na watu waliokasirika. Na alama ya chaki imefanya kazi ambayo kaulimbiu haiwezi: imeonyesha kwamba kampuni hii kosa hulipatia dawa, haitafuti tu wa kumkata mshahara. Mwenye kampuni ambaye kwa kawaida humkata karani pesa ya tozo ya uzito asiirekodi sehemu hiyo. Wafanyakazi wake wataitazama video na kucheka.

Kuna mambo ya vitendo ambayo skripti isiyoyajua itakwama siku ya kurekodi. Mizani iko chini ya TANROADS na bandari iko chini ya TPA. Kote huko hupigi picha bila kibali, na kibali kisipopatikana tukio lisiigizwe mahali pengine kwa kujifanya ndiko kwenyewe. Dereva anaweza kusimulia akiwa yadini huku karatasi ya vipimo ikionyeshwa karibu, baada ya kufunika namba za gari, namba za kontena na za lakiri. Kuzificha ni ulinzi wa mzigo, maana ratiba na njia za gari lenye shaba si vitu vya kuanikwa. Ndani ya kabini kamera ifungwe imara na dereva asiongee nayo gari likiwa linatembea. Nimeshaona video ya ajira ambayo dereva anaelezea usalama barabarani huku akimtazama mpiga picha na gari liko kwenye mwendo. Kampuni ilikuwa inajivunia.

Kupata maneno kama yale ya karani si kazi ya kalamu. Yanatokana na swali. Ukimuuliza mfanyakazi “unaipendaje kazi yako?” huku mkuu wa yadi amesimama nyuma ya kamera, utapata jibu ambalo angempa mkuu wa yadi. Muulize kuhusu jana. Jana uliingia saa ngapi, ukafanya nini kwanza, nani alikupigia, nini hakikwenda sawa, ulikula saa ngapi. Watu ni wazito kusifia au kulaumu, lakini jana yao wanaijua vizuri. Skripti iandikwe baada ya mazungumzo hayo, si kabla, na bosi asiwepo chumbani. Aliyerekodiwa aisome sehemu yake na aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa sauti juu ya picha yake, na kibinadamu tu, mtu akihamia kampuni nyingine hapendi uso wake uendelee kuitia wengine alikotoka.

Wazo la kumwonyesha mwombaji kazi ilivyo si geni. Mwaka 1956 mtafiti wa Marekani Joseph Weitz alichapisha jaribio ambamo waombaji wa kazi ya uwakala wa bima ya maisha walipewa kijitabu kinachoeleza kazi ilivyo, na waliokisoma walidumu zaidi. Mwaka 1973 John Wanous akalinganisha filamu mbili kwa waombaji wa kazi ya kuunganisha simu, moja ya kupamba na moja ya hali halisi. Walioona ya hali halisi waliingia na matarajio ya chini na hawakufikiria sana kuacha. Tangu hapo tafiti ni nyingi, na zilipojumlishwa, kama alivyofanya Jean Phillips mwaka 1998, matokeo yalionekana yapo lakini ni madogo. Mwaka 2011 Earnest, Allen na Landis wakaongeza jambo ninaloliona la maana kuliko yote: kinachosaidia zaidi ni mwombaji kuiona kampuni kuwa ya kweli, kuliko kule kujua mapema kazi ilivyo.

Hapo pana mtego kwetu. Nadharia ya zamani ilitegemea mwombaji ajiondoe mwenyewe akiona kazi haimfai. Kijana wa Temeke mwenye leseni ya daraja E na miezi minane bila gari hajiondoi kwa sababu ya video. Atakubali siku 45, atakubali lolote, kisha ataondoka siku akipata kwingine. Kwa hiyo video ya ukweli haitachuja watu kama inavyochuja mahali penye kazi nyingi. Faida yake hapa iko kwenye kuaminika tu, na uaminifu huo hudumu hadi karatasi ya kwanza ya mshahara. Ikipingana na video, video imefanya madhara kuliko ile ya droni, kwa sababu ile ya droni hakuna aliyeiamini tangu mwanzo.

Ndiyo maana napenda kila sentensi ya skripti iwe na karatasi nyuma yake. Ikisema siku 22 hadi 33, daftari la dispachi liwepo. Ikisema karani wa usiku analipwa nyongeza, hati ya mshahara ionyeshe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ghala linalopokea makontena usiku hugusa mambo hayo yote kwa wiki moja. Mwanasheria wa kampuni atataka sentensi hizi zifutwe, na sababu yake isikilizwe kwa makini: kama anaogopa zitatumika kama ushahidi, maana yake hazitekelezwi.

Upande wa pili nao una tatizo lake. Siku hizi kuna video za “ukweli” zinazojigamba kwa shida: matope, jasho, usiku wa manane, sauti ikisema hii si kazi ya wanyonge. Nazo ni mapambo, zimebadilisha rangi tu. Humfukuza mwanamke mwenye leseni na uzoefu wa foklifti kwa kumwambia kazi ni ubavu, ilhali ni mpangilio na umakini. Halafu huigeuza shida kuwa sifa, na shida ikishakuwa sifa hakuna anayetafuta kuiondoa. Yadi isiyo na choo haihitaji tukio la dereva akisimulia anavyovumilia kwa ucheshi. Inahitaji choo, kisha kamera. Sitaki pia meneja apate mahali pa kusema “si tulikuonyesha kwenye video?” pale mfanyakazi anapodai haki yake.

Fremu ya mwisho ningeijaza vitu vya kuandika kwenye karatasi: nafasi ni ngapi na ziko wapi, daraja la leseni, pasipoti hai na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa anayekwenda Kongo, mshahara wa msingi kwa tarakimu, posho ya safari kwa tarakimu na siku inazozihesabu. Mwombaji aione video kabla ya usaili, si baada ya kusaini, na usaili uanze kwa kumuuliza nini hakukielewa.

Mkuu wa rasilimali watu ajiandae pia kwa kikao cha bosi. Maombi yanaweza kupungua, hasa ya wasio na uzoefu waliovutwa na droni, na bosi ataona idadi hiyo kabla ya kuona nyingine yoyote. Aende na daftari lenye mistari miwili kwa kila kundi, madereva peke yao na watu wa ghala peke yao: walioajiriwa, na waliobaki baada ya miezi sita. Aongeze ni siku ngapi malori yaliegeshwa yadini kwa kukosa dereva, na kila siku hiyo ilikula kiasi gani cha marejesho ya mkopo wa gari. Hiyo ya mwisho ndiyo bosi anayoijua kwa kichwa.